Kesi ya fundi aliyejenga kabla ya kaka yake: jinsi gagi zilivyosomwa Seme

Mteja, aliyekwenda kwa mganga kupigiwa gagi, yaani ramli ya simbi, ni fundi wa kuchomelea vyuma, anafanya kazi jua kali mjini Kisumu. Ni mtoto wa pili wa kiume kwao. Alipopata pesa kidogo alirudi kijijini kwao Seme akajenga nyumba ya mabati ya vyumba vitatu ndani ya boma la baba yake, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Kaka yake mkubwa yuko Nakuru miaka mingi na hajawahi kusimamisha hata kibanda nyumbani. Haikupita muda baada ya fundi kuhamishia familia kule, mtoto wake mdogo akaanza kushikwa na homa. Akipelekwa zahanati anapewa dawa ya malaria, anapata nafuu, wiki chache homa inarudi. Mbuzi wawili wakafa. Yeye mwenyewe akaanguka na pikipiki. Mkewe akaanza kusema kwamba mwanamke wa boma la jirani ana jicho, alimtazama mtoto siku ya kuhamia na kumsifu unene wake.

Fundi akaamua kwenda kupigiwa gagi. Ni ndugu yangu upande wa mama, na kwa kuwa nimekuwa nikiandika habari za waganga wa Nyanza kwa muda, aliniomba niende naye. Mganga naye alikubali nikae pembeni na niandike, mradi nisitaje majina. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu watu wengi huzungumzia ramli kama jambo la kuamini au kutoamini tu, na huachwa swali ambalo mimi naliona kubwa zaidi: simbi zikishaanguka, mganga anafanya nini hasa?

Gagi ndilo jina la Kijaluo la simbi za kupigia ramli. Ziwa letu halizai simbi. Hizi hutoka Bahari ya Hindi, na zilifika bara kwa mikono ya wafanyabiashara, zikatumika kama mapambo, na kule Buganda zikawa fedha kabisa. Ndiyo maana seti nyingi za waganga ni za kurithi. Ajuoga wetu, yaani mganga, ni bibi wa makamo ya juu ambaye wateja humwita Dani. Alizipata kwa bibi yake mzaa baba, baada ya ugonjwa mrefu ambao wazee walisema ni juogi, yaani mizimu, wanamtaka aifanye kazi hiyo.

Seti yake ina simbi 8, jiwe dogo jeusi la ufukweni, na sarafu ya senti 10 ya enzi za mkoloni, ile yenye tundu katikati. Kila simbi imesagwa mgongo hadi ikawa bapa, kwa hiyo ikianguka hulala kwa namna mbili tu: mdomo juu au mdomo chini. Mdomo juu, anasema. Mdomo chini, amenyamaza. Lakini simbi hizi hazilingani. Moja imegeuka njano kwa kupakwa mafuta miaka mingi, hiyo ni ya waliotangulia. Moja ina ufa kwenye mdomo, hiyo ni ya wakubwa walio hai. Mbili zina uzi mwekundu, hizo ni wanawake wa nyumba. Moja ni nyeusi kwa moshi, ndiyo mtu wa nje. Tatu zilizobaki hazina jina. Kazi yao Dani huisoma kwa kuangalia zimekaa karibu na nani. Jiwe ni mteja mwenyewe. Sarafu ni kile alichokijenga au kukichuma.

Vyote humwagwa juu ya ngozi ya mbuzi. Upande wa shingo ya ngozi hutazama mlango, na huko ndiko nje. Upande ulio karibu na magoti ya mganga ni nyumbani. Kulia ni ukoo wa baba, kushoto ni upande wa mke na wakwe. Mpangilio huu ni wake. Ajuoga mwingine, hata wa lokesheni hiyohiyo, anaweza kugawa ngozi kwa namna nyingine kabisa, na seti yake ikawa na mbegu au mifupa mahali pa jiwe na sarafu.

Hapo ndipo gagi za huku zinapotofautiana sana na simbi za Wayoruba wa Nigeria. Kule simbi ni 16, na mganga huhesabu ngapi zimelala mdomo juu. Idadi hiyo, kuanzia sifuri hadi 16, ina jina lake na ina beti zake alizokariri, na mteja husikiliza beti hizo hadi aone ule unaomgusa. Dani hahesabu, wala hana beti. Na kwa seti ya simbi 8 kuhesabu kusingemfikisha mbali: kama kila simbi ina nafasi sawa ya kulala mdomo juu au chini, basi katika kila mirusho 10, takriban 7 itatoa idadi ya 3, 4 au 5 zilizo wazi. Picha ingekuwa ileile karibu kila mteja. Kwa hiyo yeye huangalia nani yuko wapi, anamgusa nani, na amefungua mdomo au la.

Fundi aliweka shilingi 200 pembeni ya ngozi. Hakuulizwa shida yake. Dani alimpa jiwe alishike kiganjani, alipulizie, kisha akalichanganya na vingine kwenye kibuyu kifupi, akatikisa, akamwaga.

Katika mrusho wa kwanza jiwe lilianguka karibu na magoti ya mganga, sarafu ikiwa kando yake. Simbi nyeusi ilitoka nje ya ngozi kabisa, ikabingirika hadi kwenye mguu wa kigoda. Dani aliirudisha bila kusema kitu. Akatamka sentensi moja tu: “Shida iko nyumbani, si njiani.” Fundi akajibu, “Ndiyo, Dani.” Hapa sioni cha kushangaza. Mtu wa umri ule, anayefanya kazi mjini na kurudi kijijini kupigiwa gagi, mara nyingi shida yake iko nyumbani. Mrusho wa kwanza ni wa kufungua kinywa cha mteja, na Dani mwenyewe aliniambia baadaye kwamba hausomi kwa kina, anataka tu kuona kama gagi “zimemjua mgeni.”

Mrusho wa pili ulikuwa kuhusu mtu. Simbi nyeusi ililala upande wa mlango, mdomo chini, peke yake. Kabla Dani hajasema lolote, fundi akadakia: “Si huyo mama wa jirani?”

“Nyathina, nyamaza kwanza,” Dani akamwambia. “Gagi hazijamtaja mtu.”

Akakusanya, akarusha tena. Na hapa, katika mrusho wa tatu, ndipo kisa kingeweza kuharibika. Simbi nyeusi ilianguka upande wa nyumbani, karibu sana na jiwe, mdomo juu. Kwa seti yake mwenyewe, huyo ni mtu wa nje ameingia ndani na anasema. Mteja alishaonyesha jina analolitaka. Ajuoga wa haraka angempa, akachukua pesa ya kuzindika boma, na mwanamke wa watu angeamka kesho akiwa mchawi.

Dani aliinama akaangalia kilicho katikati. Kati ya jiwe na simbi nyeusi palikuwa na simbi moja ya uzi mwekundu, imelala mdomo chini, imezigusa zote mbili. Akasema: “Huyu mtu wa nje hakuja kwa miguu yake. Ameletwa na neno la mwanamke wa nyumba. Nani kwenu analitaja jina hilo?” Fundi akakiri kwamba ni mkewe, na kwamba yeye mwenyewe hakumwona jirani akifanya chochote.

Nimeutafakari sana usomaji huo. Umefuata kanuni zake: simbi iliyo katikati husomwa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayobeba habari kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Lakini pia alikwisha kumsikia mteja akidakia jina, na mtu anayedakia jina kabla hajaulizwa kwa kawaida amelibeba kutoka kwa mwingine. Mganga mwenye miaka mingi hatenganishi anachokiona kwenye ngozi na anachokisikia masikioni. Ukimuuliza ni kipi kilichomwambia, atakujibu ni gagi, na naamini anasema kweli kama anavyoiona.

Ubora wa mganga huonekana hapa kuliko popote. Oktoba 2021, kule Marani, kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyopo tangu 1925, inafanya kumshutumu mtu kuwa mchawi liwe kosa, ila anayepeleka neno lake kwa chifu au polisi. Dani haongei habari za sheria. Yeye husema gagi huonyesha njia, haionyeshi uso, na akibanwa na mteja anayetaka jina humrudishia pesa yake.

Mrusho wa nne ndio uliofungua kesi. Sarafu ilianguka juu ya simbi yenye ufa, ikaegemea mgongoni mwake, nayo simbi ikiwa mdomo chini. Simbi ya njano ilikuwa kulia, upande wa ukoo wa baba, mdomo juu. Dani alikaa kimya muda, akaigusa sarafu kwa kidole bila kuisogeza. “Mkubwa amekaliwa,” alisema. “Uko na kaka?”

Fundi hakujibu mara moja. Akatazama mlangoni. Kisha akasema anaye, yuko Nakuru.

“Amejenga?”

“Bado, Dani.”

Kwa Mjaluo hakuhitaji maelezo zaidi. Nyumba husimama kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mdogo akimruka mkubwa, amevunja kwer, yaani mwiko, na kinachofuata ni chira: kukonda, magonjwa yasiyoisha, watoto kudhoofika. Fundi alilijua hilo tangu utoto. Aliniambia tukiwa njiani kurudi kwamba lilikuwa likimkaa rohoni tangu siku ya kupiga msingi, lakini mkewe aliposema habari za jirani ikawa rahisi kulifuata la jirani.

Sasa tujiulize kwa haki: sarafu kuilalia simbi ile ni jambo la ajabu kiasi gani? Vitu 10 vikimwagwa kwenye ngozi, kuna jozi 45 zinazoweza kugusana, kwa hiyo karibu kila mrusho utakuwa na vitu viwili vitatu vilivyoegemeana. Mganga hatakosa cha kusoma hata siku moja. Kama sarafu ingeangukia simbi ya uzi mwekundu, swali lingekuwa la mke, na kama ingegusa ile ya njano, pengine angeuliza habari za kaburi la baba. Kwa hiyo mrusho mmoja haubebi ushahidi mwingi. Uzito wake uko katika swali linalotokana nao na jinsi mteja anavyolipokea. Tayari mirusho miwili ilikuwa imemwondolea fundi njia ya kukimbilia nje ya boma, na swali la kaka lilipokuja hakuwa na pa kulikwepea.

Kilichonifanya nimheshimu mganga huyu ni mrusho wa tano. Kabla ya kurusha alisema waziwazi anachotafuta: “Kama ni hilo peke yake, mkubwa atafungua mdomo.” Akarusha. Simbi yenye ufa ikalala mdomo chini tena.

Wako wanaorusha mara ya pili na ya tatu hadi ifunguke, na mteja hakumbuki ile iliyokataa. Wako wanaobadilisha maana palepale, mdomo chini ukawa kukubali. Dani alisema tu, “Amekataa. Kuna neno umeliacha.” Na fundi, baada ya kusitasita, akalitoa. Alikuwa amempigia kaka yake simu kabla ya kujenga. Kaka akasema jenga tu, mimi niko mbali. Fundi akamtumia shilingi 5,000 kwa M-Pesa kama ya heshima, akaona yamekwisha.

Mrusho wa sita: simbi yenye ufa ilifungua mdomo, lakini ilikuwa mbali, karibu na mlango, na sarafu imebaki upande wa nyumbani. “Amekubali kwa mdomo,” Dani akasema, “miguu yake haijafika.”

Akaacha kurusha. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuendelea, akaniambia kwamba gagi zikishajibu ukiziuliza tena zinakuchezea. Nadhani kuna busara ya kazi ndani ya jibu hilo. Kadiri mirusho inavyoongezeka ndivyo picha zinavyopingana, na mteja huondoka na lile alilolipenda. Ukiona mganga anarusha na kurusha, na kila mrusho una malipo yake, ujue usomaji umekwisha zamani na kinachosomwa ni mfuko.

Maagizo yalikuwa matatu. Kaka aje mwenyewe, asimamishe nguzo ya simba yake, yaani nyumba ya mtoto wa kiume ndani ya boma la baba, mahali pa mtoto wa kwanza, hata kama hataimalizia mwaka huu, kisha aingie nyumba ya mdogo wake na ale humo. Familia yote inywe manyasi, dawa ya mizizi ya kusafisha chira, ikiwa imekusanyika pamoja na kaka akiwemo. Na la tatu, ambalo alilisema kwa sauti ya ukali kuliko yote: “Mtoto asingoje kaka. Kesho apelekwe hospitali, apimwe damu.”

Hili la tatu halikutoka kwenye ngozi. Hakukuwa na simbi ya mtoto, na Dani hakujifanya kuiona. Gagi zake zinaweza kuuliza nani hajapatana na nani, lakini homa inayorudi haziwezi kuipima, na mganga anayekuambia usimeze vidonge mpaka tambiko liishe anacheza na uhai. Nilimuuliza kama haoni mgongano kati ya hospitali na chira. Alinishangaa. Kwake yeye mbu ndiye aliyeleta homa, na chira ndiyo inayoeleza kwa nini boma lile limekosa kinga, mambo yakafuatana. Mimi siwezi kuthibitisha hilo la pili, wala yeye hakuniomba.

Mtoto alipimwa hospitali ya mjini. Ilikuwa malaria tena, na damu ilikuwa imepungua. Muuguzi alipouliza maswali ikajulikana kwamba kila mara homa ikishuka mama aliacha dawa, akaziweka akiba kwa homa ijayo, na kwamba neti ya nyumba mpya ilikuwa bado imekunjwa kwenye sanduku kwa sababu chumba hakikuwa na pa kuifunga. Fundi, mtu wa vyuma, alichomelea fremu ya neti jioni ileile. Sehemu hiyo ya kisa, ambayo labda ndiyo iliyomwokoa mtoto, haikuguswa na gagi hata kidogo, isipokuwa kwa agizo la kwenda.

Kaka alikuja mwezi wa Desemba. Alikuja amenuna. Ilionekana kwamba ile simu haikumfurahisha, alisema jenga kwa kuwa hakuwa na la kusema, na zile 5,000 zilimuuma kama malipo ya uzaliwa wake wa kwanza. Hayo yote yalisemwa mbele ya wazee wawili wa ukoo, kwa sauti za juu, kabla nguzo haijachimbiwa. Kisha ikachimbiwa. Wakala samaki na kuon, yaani ugali, wakanywa manyasi kwenye kibuyu kimoja, na kaka akalala usiku huo katika nyumba ya mdogo wake.

Kama chira imeondoka, wenyewe wanasema imeondoka. Ninachoweza kusema mimi ni kwamba ndugu wawili ambao hawakuwa wameongea ana kwa ana kwa muda mrefu waliongea, na kwamba aliyewafikisha hapo ni mganga aliyekubali kukataliwa na simbi yake mwenyewe. Angeisoma ile ya tano kama ndiyo, habari ya simu na zile pesa isingetoka, na kaka angeletwa kusimamisha nguzo huku kinyongo chake hakijulikani.

Liko ambalo halijapona. Mke wa fundi bado hasalimiani na mama wa jirani. Mumewe alimweleza kwamba gagi hazikumtaja mtu, naye akajibu kwamba gagi zilipigiwa mume na si yeye. Sasa anataka kwenda mwenyewe. Dani ameletewa ujumbe huo, na jibu lake ni kwamba anakaribishwa, ila aje peke yake, na kwanza aende akaombe chumvi kwa jirani.